Alama Nne Zilizopotea Kwenye Sifuri

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuo kikuu amerudishiwa karatasi ya jaribio la kalkulasi. Swali la 3 lina alama 5, yeye kapata 1. Hatua zake zimenyooka, jibu limetoka namba safi, na mwenzake wa dawati la jirani kapata jibu hilohilo. Jioni anamwandikia mhadhiri wake barua pepe. Wahadhiri wa hisabati wanazijua sana barua za namna hii, na nyingi huwa ni maombi ya kuongezewa alama. Hii inauliza jambo zito zaidi, kwa hiyo tuisome yote.

*Kuhusu: Swali la 3, jaribio la kwanza: naomba ufafanuzi*

*Shikamoo Dokta,*

*Mimi ni mwanafunzi wako wa mwaka wa kwanza. Naandika kuhusu swali la 3, lile la kutafuta integrali ya 1/x kuanzia x = −1 hadi x = 2. Nimepata alama 1 kati ya 5 na nimeshindwa kuona nimekosea wapi. Nilifanya hivi:*

∫ (1/x) dx = ln|x|

Kutoka −1 hadi 2: ln|2| − ln|−1|

= ln 2 − ln 1

= ln 2 − 0

= 0.693

*Mstari wa kwanza umeuwekea tiki. Wa pili umeuzungushia duara na kuandika pembeni "x = 0?". Baada ya hapo hakuna kitu.*

*Nimejikagua kwa njia mbili. Kwanza, mteremko wa ln|x| ni 1/x, hata x ikiwa hasi, kwa hiyo kanuni niliyotumia ni sahihi. Pili, nimechora grafu. Kipande cha kushoto, toka −1 hadi 0, kinalingana kabisa na kipande cha kulia toka 0 hadi 1, ila cha kushoto kiko chini ya mhimili. Vinafutana. Kinachobaki ni eneo toka 1 hadi 2, nalo ni ln 2. Njia zote mbili zinanipa jibu lilelile.*

*Siombi kuongezewa alama. Naomba unioneshe ni mstari upi usio wa kweli, na kwa sababu gani.*

*Nashukuru sana kwa muda wako, Dokta.*

Kijana huyu ametaja swali, ameonesha kazi yake mstari kwa mstari, amesema amejikagua vipi, kisha akauliza swali moja linalojibika. Hoja yake ya pili ina nguvu pia: watu wengi waliosoma hisabati kwa miaka wangeikubali papo hapo. Ili tuone inapoanguka, turudi kwanza kwenye kile alichoulizwa.

Integrali inauliza nini

Chora grafu ya y = 1/x upande wa namba chanya. Pale x ilipo 1, mstari uko juu ya mhimili kwa kimo cha 1. Pale x ilipo 2, umeshuka hadi 0.5. Integrali kutoka 1 hadi 2 ni eneo lililo kati ya mstari huo na mhimili. Kulipata, ligawe eneo lote kuwa vipande vyembamba vilivyosimama, zidisha upana wa kila kipande kwa kimo chake, kisha jumlisha. Kadiri vipande vinavyozidi kuwa vyembamba, jumla inasogea kwenye namba moja, na namba hiyo ndiyo integrali. Alama ya ∫, aliyoianzisha Gottfried Leibniz mwaka 1675, ni herufi S iliyovutwa kwenda juu, kwa sababu kazi yenyewe ni ya kujumlisha. Mstari ukiwa chini ya mhimili, kimo ni hasi, na eneo lake linahesabiwa kama namba hasi.

Hakuna anayejumlisha vipande maelfu kwenye chumba cha mtihani. Tunatumia njia ya mkato. Tafuta kanuni ambayo mteremko wake ni ile uliyopewa, weka namba ya mwisho, weka namba ya mwanzo, kisha toa. Kwa 1/x kanuni hiyo ni ln|x|, yaani logi asilia ya x, na vile vimistari viwili vilivyosimama vinaondoa alama ya hasi. Kutoka 1 hadi 2 tunapata ln 2 − ln 1, ambayo ni 0.693. Hilo ni jibu sahihi na lina alama zote.

Njia hii ya mkato ina sharti, nalo limeandikwa katika kila kitabu cha kalkulasi, ingawa wanafunzi wengi hulipita haraka. Kanuni unayoitafutia integrali lazima iwepo na iende bila kukatika katika kila nukta kati ya mwanzo na mwisho, na ile unayoiweka namba lazima iwepo humo humo pia. Ni kama kusoma mita ya kilomita ya gari Chalinze, kisha kuisoma tena Morogoro. Tofauti ya namba hizo mbili ni umbali uliokwenda, mradi mita ilifanya kazi safari nzima. Ikiwa ilizimika njiani na kuanza kuhesabu upya, bado utaweza kutoa namba moja kwa nyingine na kupata jibu, lakini jibu hilo halitakwambia chochote kuhusu barabara.

Sasa tazama safari ya kutoka −1 hadi 2. Inapita kwenye sifuri. Hapo 1/0 haipo na ln 0 haipo. Ukikaribia sifuri kutokea kulia, mstari wa 1/x unapanda bila mwisho. Ukikaribia kutokea kushoto, unashuka bila mwisho. Kile kipande chembamba kinachoishika sifuri hakina kimo cha kuzidisha: ukichagua nukta moja ndani yake unapata milioni moja, ukichagua nyingine unapata hasi bilioni. Jumla haiwezi kutulia kwenye namba yoyote.

Huo ndio ujumbe wa lile duara la wino mwekundu. Mwanafunzi anastahili maelezo marefu zaidi ya alama ya kuuliza, na mhadhiri anamjibu.

Jibu la mhadhiri

*Marahaba,*

*Asante kwa kuuliza vizuri. Mstari wako wa kwanza ni wa kweli, ndiyo maana una tiki na alama 1. Hesabu zako kuanzia mstari wa tatu kwenda chini ni sahihi pia. Usio wa kweli ni mstari wa pili, kwa sababu umetumia njia ya mkato mahali ambapo haina ruhusa. Kati ya −1 na 2 kuna sifuri, na kwenye sifuri 1/x haipo.*

*Kukiwa na shimo njiani, hatulirukii. Tunaigawa safari mara mbili, kushoto kwa shimo na kulia kwake, kila upande tunausogeza polepole kuelekea shimo, na tunaangalia kama hesabu inatulia. Anza na kulia. Badala ya kuanzia 0, anzia namba ndogo chanya tuiite e, na uishie 2. Hapo njia ya mkato inaruhusiwa, kwa sababu hakuna shimo kati ya e na 2:*

Kulia: ln 2 − ln e

*Chukua kikokotoo. (Hapa e ni jina tu la namba ndogo, usiichanganye na 2.718.) Ukiweka e = 0.1 utapata 2.996. Ukiweka 0.01 utapata 5.298. Ukiweka 0.001 utapata 7.601. Kila unapolikaribia shimo mara kumi zaidi, eneo linaongezeka kwa 2.303 ileile. Haipungui na haichoki. Kwa hiyo eneo la kulia halitulii popote: linakua bila mwisho. Ungeweza kuishia hapa. Upande mmoja ukikosa thamani, integrali nzima haina thamani.*

*Sasa nije kwenye hoja yako ya kufutana, maana ndiyo iliyonifurahisha. Kushoto tuanzie −1 tuishie −d, ambapo d ni namba nyingine ndogo chanya:*

Kushoto: ln d − ln 1 = ln d

*Jumlisha pande mbili:*

Jumla: ln 2 + ln d − ln e = ln 2 + ln(d/e)

*Itazame sana hiyo ln(d/e). Wewe uliposema vipande vinafutana, ulichukulia kwamba d na e ni sawa, yaani unalisogelea shimo kwa mwendo mmoja pande zote mbili. Hapo d/e ni 1, ln 1 ni 0, na unabaki na ln 2 yako. Lakini nani amekwambia ziwe sawa? Swali halikusema. Mimi nikiamua d iwe mara mbili ya e, zote mbili zikizidi kuwa ndogo, napata ln 2 + ln 2, yaani 1.386. Mwenzako akiamua d iwe nusu ya e, anapata sifuri kamili. Mwingine akichukua d kuwa sehemu moja ya kumi ya e, anapata −1.609. Wote wanne mmekaribia shimo, wote mmefuata hesabu, na kila mmoja ana jibu lake.*

*Integrali yenye thamani haibadiliki kwa kubadilisha namna ya kuikaribia. Hii inabadilika, na unaweza kuifanya itoe namba yoyote unayoitaka. Kwa hiyo jibu ni kwamba haina thamani. Alama itabaki 1. Ukija ofisini saa za wanafunzi tutaifanya pamoja ile ya 1/x².*

Kijana yuko na wakubwa

Hoja ya kufutana ina historia yake. Mwaka 1823, Augustin-Louis Cauchy alichapisha muhtasari wa mihadhara ya kalkulasi aliyowapa wanafunzi wa École Polytechnique jijini Paris. Humo alilichukua swali hilihili, integrali ya 1/x kutoka namba hasi hadi namba chanya, akakata kushoto na kulia kwa umbali usiolingana, akaonesha kwamba jibu linategemea uwiano wa mikato hiyo miwili. Akasema waziwazi kwamba integrali hiyo haina thamani maalumu. Kisha akaongeza jambo: ukilazimisha mikato ilingane, inapatikana namba moja inayotulia, na namba hiyo akaipa jina la thamani kuu.

Kwa hiyo ile ln 2 ya mwanafunzi ni kitu halisi. Ni thamani kuu ya Cauchy ya integrali ile, na wanafizikia na wahandisi wa mawimbi na umeme huitumia kila wanapokuwa na sababu ya kuyatazama mambo kwa ulinganifu pande zote mbili za shimo. Kama karatasi ingeuliza thamani kuu, na mwanafunzi akaandika kwamba d na e zinalingana, angepata alama zote. Tatizo ni kwamba karatasi iliuliza integrali yenyewe, naye alitumia ulinganifu bila kusema kwamba ameuchagua.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa swali hili kwa msahihishaji na kwa msahihishwaji. Namba 0.693 ni jibu sahihi la integrali ya 1/x kutoka 1 hadi 2. Ni jibu sahihi la thamani kuu kutoka −1 hadi 2. Si jibu la swali lililoulizwa. Msahihishaji anayetazama namba ya mwisho peke yake hana njia ya kutofautisha hayo matatu, ndiyo maana katika hisabati ya chuo kikuu alama nyingi huwekwa kwenye hatua.

Dalili za shimo

Wakati mwingine kosa hujitangaza. Chukua 1/x² kutoka −1 hadi 1, ile ambayo mhadhiri ameahidi. Njia ya mkato inatoa −1/x, na ukiweka namba unapata −1 − 1, yaani −2. Lakini 1/x² ni chanya kila mahali. Mstari wote uko juu ya mhimili, na eneo la kitu kilicho juu ya mhimili haliwezi kuwa hasi. Mwanafunzi anayechora hata mchoro wa haraka pembeni ya karatasi ataliona kosa hilo kabla ya msahihishaji.

Kwa 1/x kipimo hicho hakisaidii, kwa sababu mstari una sehemu ya chini na ya juu, na 0.693 inaonekana namba ya busara. Njia ya uhakika ni kuangalia chini ya mstari wa sehemu kabla ya kuanza hesabu na kujiuliza ni wapi panakuwa sifuri. Mashimo hayaonekani kirahisi kila mara. Ukipewa 1/(x² − 5x + 6) kutoka 0 hadi 5, hutaona sifuri yoyote mpaka utafute mazao ya ile ya chini: ni (x − 2)(x − 3), na kumbe kuna mashimo mawili, kwenye 2 na kwenye 3. Ukipewa tan x kutoka 0 hadi π, huoni sehemu kabisa, lakini tan ni sin juu ya cos, na cos ni sifuri kwenye π/2. Anayeweka namba bila kuangalia hapo anapata 0, akaendelea na swali linalofuata akiwa na amani.

Wala si kila shimo linaua integrali. Chukua 1/√x kutoka 0 hadi 1. Kwenye sifuri haipo, na ukiikaribia inapanda bila mwisho, sawa na 1/x. Lakini ukianzia namba ndogo e na kuishia 1, eneo ni 2 − 2√e. Kwa e = 0.01 ni 1.8. Kwa 0.0001 ni 1.98. Kwa 0.000001 ni 1.998. Hapa hesabu inatulia, na inatulia kwenye 2. Mstari huu unapanda bila mwisho, ila unapanda taratibu kiasi kwamba ile nguzo nyembamba iliyo karibu na sifuri ina eneo dogo. Mstari wa 1/x unapanda haraka mno, na nguzo yake haijai.

Kwa sababu hiyo, kuandika "kuna shimo, kwa hiyo hakuna jibu" ni kosa sawa na kulirukia shimo. Aliyeona shimo ana kazi ya kulisogelea na kuonesha linafanya nini.

Alama 5 zilikuwa wapi

Tukiufuata mgawanyo wa alama ambao jibu la mhadhiri linaelekeza, mambo yanakuwa wazi. Alama 1 ni ya kujua kwamba kanuni inayohusika ni ln|x|, nayo mwanafunzi aliipata. Alama 1 ni ya kuona kwamba 1/x haipo kwenye sifuri, na kwamba sifuri imo kati ya −1 na 2. Alama 1 ni ya kuigawa integrali kuwa pande mbili. Alama 1 ni ya kuusogeza angalau upande mmoja kuelekea sifuri na kuonesha kwamba ln 2 − ln e inakua bila mwisho. Alama ya mwisho ni ya kusema hitimisho kwa maneno: integrali haina thamani. Swali lilitungwa kupima kama mwanafunzi analijua sharti la njia ya mkato, na karatasi yake haikuonesha popote kwamba analijua. Alama 1 ilikuwa halali yake.

Jibu kamili lingetosha kwenye mistari minne. Lingesema kwamba 1/x haipo kwenye x = 0. Lingegawa safari kwenye sifuri. Lingeonesha kwamba kutoka e hadi 2 ni ln 2 − ln e, ambayo inakua bila mwisho e inapokaribia sifuri. Lingemaliza kwa kusema integrali haina thamani. Hakuna namba ya kupigia mstari chini, na hili huwasumbua wanafunzi waliozoea kwamba hesabu lazima iishie na namba. Katika mtihani wa integrali, "haina thamani" ni jibu lenye hadhi sawa na ln 2, mradi limethibitishwa.

Mwanafunzi unayesoma haya, kabla hujaweka namba za mwanzo na mwisho kwenye integrali yoyote, tafuta ni wapi kanuni yako haipo, uandike ulichokiona hata kama ni sentensi moja ya "hakuna shimo kati ya 1 na 2". Ukikosa alama na huelewi, andika kama kijana huyu alivyoandika, uulize mstari. Nawe mhadhiri, unapozungusha duara, ongeza maneno matatu: "sharti halijatimia hapa". Yatamwonesha mwanafunzi pa kuanzia kusoma usiku huohuo.